Swali Lile Lile kwa Kila Mwanamke

Mwanamkasi alifagia hospitali ya shamba la mkonge la Mtimkavu miaka kumi na miwili, na hapakupita siku asiyoiona ile meza. Yenyewe haikuwapo tena, ilikwisha kuliwa na mchwa na kutupwa. Lakini asubuhi, upepo wa pwani unapoingia wodi ya wazazi na kuvijaza vyandarua, vyeupe vikainuka na kushuka kama vifua vya watu waliolala, basi meza hurudi. Huelea juu ya sakafu yake iliyolowa. Nyuma yake wanaume watatu, nyuso zao hazionekani vizuri, kama unaowatazama ndani ya maji.

Ilikuwa mwaka wa arubaini na nne, vita vya Hitla havijesha. Hospitali ilitaka mwanamke mmoja wa kumsaidia mkunga. Mwanamkasi alikwenda toka Kigombe kwa miguu, akasimama juani hadi adhuhuri, kisha akaitwa. Aliyeuliza alikuwa Uweso, nyapara mkuu wa kambi, kidevu kimeanza mvi, shavu limejaa tambuu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Aliniacha."

"Alikuachia nini?"

Mwanamkasi akaitazama meza.

"Una watoto?"

"Nilikuwa naye mmoja. Mungu amemchukua."

"Sasa wewe," akasema Uweso, na wala hakusema kwa ukali, "wana wa wenzio utawaleaje?"

Wakamwambia akangoje nje. Akaingia mwanamke aitwaye Sabiha, wa Pangani, na mlango haukufungwa, kwa hiyo Mwanamkasi aliyasikia yote. "Babako hajambo? Mwambie nyavu zake nimeziona, nzuri. Utaweza kuanza Jumatatu?" Basi. Hayo ndiyo maswali aliyoulizwa Sabiha. Wakampa kazi, na Mwanamkasi wakampa ufagio, wakaona wamemfadhili.

Hakupiga kelele. Aliufunga moyo, akafagia. Sabiha alipokuwa hajui, yeye alijua, maana macho hayakatazwi kuona kwa kuwa mkono umeshika ufagio. Alijua mama wa kitanda kipi anataka kuzaa kabla mama mwenyewe hajajua. Alijua kilio cha njaa na kilio cha homa. Mara ngapi Sabiha alimwita kwa kunong'ona, "Dada, njoo uone," na mara ngapi alikwenda, na jina likaandikwa la nani. Baada ya miaka tisa miguu ya Sabiha ilivimba, akarudi kwao Pangani. Nafasi yake wakaletwa wanawake kwa zamu, wa muda, huyu mpwa wa fulani, yule shemeji wa fulani, nao walikuja na kuondoka kama povu.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na sita akaja karani mpya wa ajira, jina lake Timotheo, mtu wa Maramba, mwembamba, mwenye kutembea kama anayesikiliza kitu. Alikuwa askari huko Bama, Asia, wakati wa vita. Asubuhi moja alimkuta Mwanamkasi nyuma, penye kamba za kuanikia mashuka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba. Utalowa suruali."

"Imelowa tayari. Mama, kampuni inataka mwanamke mmoja wa wodi ya wazazi, wa kudumu. Watampeleka Tanga akasome miaka miwili. Sista Beatrisi ameniambia kazi ile anayeijua ni wewe."

Mwanamkasi akaacha kuanika. Mashuka yalikuwa yakipepea pande zote, akajiona amevaa nguo nyeupe, anashuka Tanga mjini, anaitwa kwa jina lake.

"Lakini wametia sharti," Timotheo akasema akiitazama mikono yake. "Asiwe amepita miaka thelathini na mitano."

Mashuka yakatulia.

"Mimi nina arubaini na minne," akasema. "Sasa umenijia kunitangazia msiba?"

"Nimekuja kukuomba unisaidie kumchagua. Hapa watu huchaguliwa kwa kutazamana usoni. Jeshini niliona namna nyingine. Kila mtu aliulizwa yale yale, kwa maneno yale yale. Na wanaopima, kila mmoja anatia alama zake kabla hajasikia za mwenziwe. Nataka tufanye hivyo. Maswali kutunga siwezi, mimi sijapata kuona mtoto akizaliwa. Wewe unaweza."

Alicheka kicheko kikavu. Yaani waliomnyima kazi sasa wanamwomba awape kipimo chake. Alitaka kukataa. Hata neno lilikwisha fika mdomoni. Ila akakumbuka ule mlango ulioachwa wazi, na sauti ikiuliza habari za nyavu, akasema, "Kesho njoo na karatasi yako."

Walikaa siku tano pale penye mashuka. Jambo la kwanza alilopendekeza Mwanamkasi ni kila mwanamke aulizwe kama ana huruma.

"Nani atasema hana?" akauliza Timotheo.

Akafikiri. "Hapana atakayesema."

"Basi swali hilo halitupi kitu. Nieleze mama, siku moja moja. Siku ambayo mtu alifanya vema humu ndani, na siku ambayo mtu aliharibu. Si tabia yake. Alifanya nini."

Hapo ndipo kifuniko kilipoondoka. Mwanamkasi alizungumza macho yamefumba nusu, na siku zile zikaja moja moja kutoka zilikokuwa, kila moja na harufu yake. Siku ya mama aliyevuja damu huku mwingine anapiga kelele anataka maji, na msaidizi akaenda kwa aliyepiga kelele. Siku ya mtoto aliyepumua kama samaki aliyetolewa majini. Siku ya mume aliyesimama dirishani akiuliza mkewe amesema nini wakati wa uchungu, na msaidizi akamwambia, na mke akapigwa. Siku ya mtoto aliyeachwa na nguo mbichi karibu na dirisha wakati wa upepo wa kusi, akapoa kama jiwe la mtoni. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Sabiha. Aliisema taratibu, akaionja ulimini. Timotheo hakuuliza ya nani. Aliandika siku kumi na moja.

Wakachagua nne za kuulizia, zilizobaki wakaziweka akiba. Kila siku wakaigeuza swali: "Uko peke yako wodini. Kumetokea hivi. Utafanya nini?" Wakayajaribu kwa mpishi wa hospitali, kuona kama maneno yanaeleweka. Mpishi akajibu lingine kabisa, wakajua swali ni bovu, wakalinyoosha. Neno la kuongeza lilikuwa moja tu, kwa wote: "Kuna lingine?" Na swali lisilohusu kazi halikaribishwi mezani. Mume, talaka, dini, baba ni nani, hayo yote nje.

Ikabaki kupima. Timotheo alisema lazima wakubaliane mapema jibu lipi ni la thamani gani, wasije wakapima kwa kupenda. Mwanamkasi ndiye aliyepanga ngazi. Jibu la kumdhuru mgonjwa halipati kitu. Lisilodhuru wala kusaidia, moja. Linalosaidia nusu, mbili. Linalosaidia sawasawa, tatu. Linalosaidia sawasawa na msemaji akajua mwisho wa uwezo wake, akasema atamwita Sista, hilo ni nne. Chini ya kila swali Timotheo akaandika mfano wa jibu la kila ngazi, kama Mwanamkasi alivyowahi kuyasikia kwa masikio yake. Na ikitokea sare, atatangulia aliyepata zaidi katika swali la kwanza.

"Mimi kuandika sijui," Mwanamkasi akasema.

"Utahesabu vipi?"

Shambani palikuwa na katani kila mahali, imeanikwa kwenye nyaya maekari kwa maekari, nyeupe, ukiitazama mchana unadhani ukungu umesahau kuondoka. Mwanamkasi akachukua nyuzi nne, fupi, ndefu kidogo, ndefu, ndefu zaidi. Uzi mmoja kwa kila swali, fundo moja kwa kila alama. Kila mwanamke na shada lake. Timotheo alizigeuza geuza mkononi, akasema jeshini hawakuwa na kitu kizuri namna hiyo.

Wapimaji walikuwa watatu. Sista Beatrisi, mkunga wa Kikatoliki, mtu wa maneno machache. Mwanamkasi. Na Uweso, kwa sababu hakuna jambo la kambi lililofanyika bila Uweso. Alikuwa mzee sasa, tambuu ile ile. Timotheo alipomweleza utaratibu, alicheka.

"Mwanamke wa kazi mimi namjua akiwa bado yuko mlangoni. Namtazama anavyovua viatu."

"Safari hii, Mzee, utangoje aseme," akajibu Timotheo.

"Na huyu mfagizi naye anapima?"

"Naye."

Uweso akamgeukia. "Haya, Bi Mwanamkasi. Dunia mviringo."

"Ndiyo, Mzee Uweso," akasema. "Nawe umeizunguka mpaka umechoka."

Walioomba waliotimiza masharti walikuwa watatu. Yudith, Mshambaa, mke wa mkata mkonge, Mlutheri. Praxeda, ambaye baba yake aliletwa kwa mkataba kutoka Songea. Na Mastura wa Pangani. Mwanamkasi aliposikia Mastura ni binti wa nani, aliuweka ufagio chini. Alikuwa mwana wa Sabiha.

Basi kile alichokitaka kilikuwa wazi, nacho alikijua. Alitaka achaguliwe anayeiweza kazi, na aliyekosa ajue amekosa kwa haki, asiishi na meza kichwani. Na alijua kwamba mtu wa kwanza anayeweza kuiharibu haki hiyo si Uweso. Ni yeye mwenyewe.

Asubuhi ya kuulizwa, Mwanamkasi alimwomba seremala aweke benchi kivulini, ubavuni mwa mlango, ili mtu asisimame juani kama yeye alivyosimama. Hilo lilikuwa wazo lake, na alilifurahia.

Wakapiga kura nani aanze. Yudith wa kwanza, Praxeda wa pili, Mastura wa mwisho.

Yudith aliingia wodini, pembeni palipowekwa meza, akakaa ukingoni mwa kiti. Timotheo akasoma. Yudith alifikiri muda mrefu kabla ya kila jibu, macho juu darini, midomo ikienda bila sauti. Alipoulizwa juu ya mtoto anayepumua kwa shida, alisema atamfuta kinywa na pua, amsugue mgongo, ahesabu pumzi zake. "Nazihesabu hivi," akasema, akagonga ncha ya kidole juu ya goti, taratibu, mara ya nne akanyanyua. "Nikikosa moja nasikia kwenye kidole." Kumwita Sista alikusahau. Mwanamkasi akafunga matatu.

Akaingia Praxeda, na hapo Uweso akajisahau. "Wewe binti, umeolewa?"

Chumba kikaondoka. Ikaja ile meza, maji yakapanda hadi kwenye shingo ya Mwanamkasi, na sauti ya Timotheo ikawa inatoka mbali sana: "Hilo halimo, Mzee. Usijibu, dada." Maji yakashuka. Uweso alikuwa akikohoa, hakumtazama mtu.

Praxeda akajibu vizuri, na upesi. Mtoto anayepumua kwa shida? Atamfuta, atamsugua, atahesabu pumzi kwa kidole. Akagonga goti lake. Na atamwita Sista.

Mastura akajibu vizuri zaidi. Alikuwa na uso wa mama yake, mpana, wenye utulivu. Swali halijesha naye yuko tayari. Alimfuta mtoto, akamsugua, akahesabu pumzi. Kidole chake kikagonga goti, taratibu, mara ya nne kikanyanyuka.

Mwanamkasi alikuwa ameshika uzi, fundo la nne limekwisha kunjwa. Akakitazama kile kidole. Ilikuwa kama kuota ndoto moja mara ya tatu, ukajua kabisa kinachofuata.

Walipotoka wote, Uweso akasugua mikono. "Basi tena. Mastura amewashinda. Mmeona? Na mimi nilimjua tangu mlangoni."

"Ngojeni," akasema Mwanamkasi. Akatoka nje.

Wanawake wote watatu walikuwa kwenye benchi, wanagawana chungwa. Akamwuliza Yudith, "Mwanangu, ulipotoka ulimwambia nini mwenzio?"

"Aliniuliza, za huko ndani? Nikasema njema." Yudith akameza. "Halafu nikampa habari."

"Zote?"

"Zote, mama. Mtu akikuuliza habari za utokako utanyamaza? Nimekaa kwenu pwani mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa kwanza mlinisema nina kiburi, kwa kuwa nilikuwa najibu 'njema' na kupita zangu. Mmenifundisha wenyewe."

Praxeda akacheka, kisha akaona hapana anayecheka. Mastura alikuwa ameinamisha uso. "Na mimi nilimwuliza Praxeda," akasema. "Sikujua ni kosa. Nilidhani ni salamu."

Nayo ilikuwa salamu. Watu wa pwani hawaachi kuulizana za utokako hata mtu akitoka chooni. Yeye Mwanamkasi amezaliwa Kigombe, amekua humo, na akaweka benchi mlangoni.

Hapo angeweza kurudi ndani aseme: binti wa Sabiha amedanganya. Maneno yalikuwa matamu, yamemsubiri miaka kumi na miwili, yameiva. Au angenyamaza kabisa, maana akilisema jambo lenyewe, Uweso atasema: mnaona mambo yenu ya jeshini? Mfagizi katunga, mfagizi kaharibu, turudi kwenye desturi yetu. Na desturi yao aliijua.

Akasimama kizingitini. Mbele yake wapimaji, nyuma yake wanawake, na katani ya mbali inang'aa hata macho yanauma.

"Maswali yalikuwa yale yale," akasema, "lakini hayakuulizwa watu sawa. Yudith aliulizwa hajui. Praxeda aliulizwa anajua. Mastura aliulizwa anajua mara mbili. Hapana aliyekosa hapa isipokuwa mimi, niliyeweka benchi."

"Nilisema mimi," akaanza Uweso.

"Ulisema, Mzee. Ngoja nami nimalize. Kipimo hakikuharibika. Kilichoharibika ni mlango. Siku za akiba tunazo saba. Tutunge manne mengine kwa uzito ule ule, kwa ngazi zile zile, tuwaulize upya wote watatu. Anayemaliza atokee upande wa mashuka, akae na mpishi anywe chai hadi wa mwisho amalize. Hapo wapeane habari hata za bibi zao."

Sista Beatrisi, ambaye kutwa nzima hakusema neno, akasema, "Jumatatu nina nafasi." Timotheo alikuwa ameanza kuandika. Uweso akatema tambuu dirishani, akasema watu siku hizi wanamchagua mtu kwa taabu zaidi kuliko kumwoa, lakini Jumatatu akaja wa kwanza.

Usiku wa kuamkia hiyo Jumatatu haukumletea Mwanamkasi usingizi wala ndoto. Maswali mapya aliyatunga na Timotheo tangu Jumamosi, na la tatu lilikuwa lile la mtoto aliyepoa karibu na dirisha. Aliliweka yeye. Timotheo aliuliza kama lina uzito sawa na la mtoto wa pumzi, naye akaapa kuwa lina, na kweli lilikuwa nalo. Lakini moyoni alijua kwa nini mkono umelichagua. Alitaka kumsikia mwana wa Sabiha akikosea mahali alipokosea mama yake.

Kura ikapigwa upya, na Mastura akawa wa kwanza. Akajibu swali la kwanza, la damu, akapata manne kwa wote, kama ilivyoonekana baadaye. La pili akakwama kidogo. Timotheo akasoma la tatu: "Uko peke yako wodini. Upepo unaingia. Unamkuta mtoto wa saa moja karibu na dirisha, nguo yake mbichi, mwili umepoa, halii. Utafanya nini?"

Chandarua cha kitanda cha jirani kiliinuka, kikashuka.

"Mama yangu lilimpata hilo," akasema Mastura. "Humu humu. Alituhadithia nyumbani, mara nyingi. Alisema yeye alisimama tu anatetemeka, na aliyemwokoa yule mtoto alikuwa mwanamke anayefagia. Alimvua ile nguo mbichi, akamfuta akakauka, akamweka kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa blanketi, akafunga dirisha, akampapasa mgongo mpaka akalia. Mama anasema huyo ndiye aliyekuwa mkunga, na yeye alikuwa amevaa tu nguo ya mkunga. Nami nitafanya kama yule mwanamke."

Hakujua jina. Sabiha hakumwambia jina, au alimwambia akasahau. Alikuwa akimtazama Timotheo aliyeuliza.

"Kuna lingine?" akasoma Timotheo, sauti imepungua.

"Hakuna."

Mwanamkasi alishika uzi wa tatu. Wodi ilikuwa imejaa nuru nyeupe, haina ukuta, haina paa. Miaka kumi na miwili hakupata kusikia mtu akilisema jambo lile kwa mdomo, na aliyelisema ni mwana wa Sabiha. Akafunga fundo la kwanza. La pili. La tatu. Mkono wake ukautaka uzi kwa la nne, ukaukunja wenyewe, kitanzi kikawa tayari, kilibaki kuvutwa.

Hakusema atamwita Sista.

Ngazi waliiweka wao. Aliiweka yeye, pale penye mashuka, kwa kuwa alijua watoto waliokufa mikononi mwa watu wasiotaka kuita. Nne ni ya aliyeita. Na siku ile, yeye mwenyewe, aliita? Akakumbuka. Hakuita. Alimwokoa mtoto, ila hakumwita mtu, kwa kuwa mfagizi angeulizwa anafanya nini na mtoto. Hata yeye angepata matatu.

Akakiachia kile kitanzi, kikanyooka.

Uweso alikuwa akijifuta jicho kwa ncha ya kanzu, akisingizia vumbi. Akaandika tarakimu yake ya Kiarabu, akaifunika kwa kiganja.

Praxeda akaulizwa, akatokea upande wa mashuka. Yudith akaulizwa, na kwenye swali la tatu, baada ya kimya chake kirefu, akafanya yote na akamalizia, "Na hapo hapo nitamwita Sista, maana aliyepoa anaweza kupoa tena."

Wakaweka alama mezani pamoja. Palipotofautiana kwa mbili kila mmoja alitoa sababu kwa maneno yaliyosemwa na mwulizwa, si kwa sura yake. Palikuwa mahali pamoja tu. Timotheo akajumlisha, akahesabu mafundo ya Mwanamkasi uzi kwa uzi, midomo ikitembea. Yudith arubaini na moja. Mastura arubaini. Praxeda thelathini na sita.

"Moja," akasema Uweso. "Na kwenye lile la dirisha mimi nimempa manne. Sista matatu. Wewe je?"

"Matatu."

Uweso akahesabu kwa vidole. Ingekuwa nne, ingekuwa sare, na kwa sare angetangulia Mastura, kwa lile la damu. Akamtazama Mwanamkasi kwa muda. "Amekusifu mbele yetu," akasema, "nawe umemnyima."

"Sikumnyima. Hakusema."

"Nilikuuliza maneno mabaya siku ile. Mwaka wa vita."

"Uliniuliza."

Mwanamkasi alingoja aseme zaidi. Mzee hakusema zaidi, akakusanya kofia na bakora yake, akatoka. Na Mwanamkasi akaona kwamba neno lile alilolingoja limekuja dogo kuliko alivyolitayarishia nafasi, na halikumponya kitu.

Yudith aliambiwa kwanza, akakaa chini sakafuni pale pale, akafunika uso kwa kanga. Mastura alipoambiwa alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyefundishwa adabu, akaenda kuchukua mkoba wake. Motokaa ya kwenda kivukoni ilikuwa inamngoja. Mwanamkasi akamfuata hadi kwenye mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hutaki kujua ulikosa wapi?"

Binti akashangaa. "Nitaambiwa?"

"Kwa fundo moja. Swali la dirisha." Akautoa uzi wa tatu katika shada, akamwekea kiganjani. "Ulimvua, ulimkausha, ulimpa mamake, ulifunga dirisha. Yote sawa. Hukumwita Sista. Mtu akiwa peke yake na mtoto aliyepoa, anaita. Hata kama anajua. Hata kama anaogopa kuulizwa. Mwakani wanataka mwingine wa wodi ya watoto. Maswali yatakuwa mengine, mimi ndiye nitakayetunga, wala sitakwambia. Lakini hilo la kuita litakuwamo katika kila moja."

Mastura alihesabu mafundo kwa ukucha. Moja, mbili, tatu, na sehemu iliyobaki laini.

"Yule mwanamke wa mama," akasema taratibu, "na yeye hakuita."

"Hakuita."

"Angepata ngapi?"

"Matatu," akasema Mwanamkasi.

Mastura akamtazama, akautazama ufagio uliosimamishwa ukutani, akamtazama tena. Dereva alipiga honi. Mashuka yakajaa upepo, yakawatenga, na yalipotulia binti alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nimwambie mama anasalimiwa na nani?" akauliza.

Akamtajia jina lake.